Jinsi ya kumwomba mwenyeji wa Ufaransa barua ya mwaliko kwa ajili ya viza

Ofisa wa viza akifungua faili lako, hakujui wewe wala mwenyeji wako. Kwenye barua ya mwaliko anatafuta mambo machache: nani anakualika, unakwenda kufanya nini, tangu lini hadi lini, utalala wapi, na nani analipa. Wenyeji wengi hawajawahi kuandika barua ya namna hii, hata kampuni kubwa. Ukimwandikia tu "naomba barua ya mwaliko," atakutumia mistari mitatu ya ukarimu isiyojibu lolote kati ya hayo. Kwa hiyo mpe wewe maelezo yote, yeye abaki kuyathibitisha na kutia saini.

Kwanza jua unahitaji karatasi gani. Kampuni, chuo au taasisi ikikualika kwa safari isiyozidi siku 90, inakuandikia barua kwenye karatasi yake yenye nembo. Ukifikia nyumbani kwa ndugu au rafiki, kinachotakiwa ni hati iitwayo attestation d'accueil, ambayo mwenyeji anaiombea kwenye ofisi ya meya wa mji anaoishi. Barua yake ya kawaida haichukui nafasi ya hati hiyo. Na kama kampuni inataka kukuajiri, barua pekee haitoshi: mwajiri anapaswa kuomba kibali cha kazi huko Ufaransa kabla wewe hujaomba viza.

Tuchukue mfano wa fundi wa chama cha ushirika mkoani Kilimanjaro. Chama kimenunua mashine ya kukoboa kahawa, na kiwanda kilichoitengeneza, kilichoko Lyon, kinamwalika kujifunza kuifunga na kuitunza. Mafunzo yanaanza Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2026 na kwisha Ijumaa tarehe 16. Ndege itamfikisha Jumamosi tarehe 3, na ataondoka Jumapili tarehe 18.

Hapo ndipo barua nyingi zinapoharibika. Kiwanda kitaandika tarehe za mafunzo tu, yaani 5 hadi 16, kwa sababu ndizo kinazozijua. Lakini tiketi, hoteli na bima ya fundi vinasema 3 hadi 18. Ofisa ataona siku nne ambazo hakuna aliyezieleza, na anaweza kutoa viza fupi kuliko safari yenyewe. Mwombe mwenyeji aandike tarehe za aina zote mbili: za shughuli, na za kukaa Ufaransa kuanzia kufika hadi kuondoka. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, kwa hiyo fundi wetu ana siku 16. Akibadilisha ndege Amsterdam na kupita uhamiaji hapo, hesabu inaanzia Amsterdam, maana Uholanzi nayo imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja.

Jambo la pili ni sababu ya safari. Mwenyeji mwenye nia njema huweza kuandika kwamba fundi "atakuja kufanya kazi na timu yetu." Sentensi hiyo inamfanya ofisa aulize kibali cha kazi kiko wapi. Kama ni mafunzo, barua iseme mafunzo: mashine ipi, kwa nini yafanyike kiwandani, na kwamba fundi anabaki mwajiriwa wa ushirika na mshahara wake unatoka huko. Kama kweli utafanya kazi ya kulipwa, usiifiche nyuma ya neno mafunzo. Zipo shughuli za chini ya miezi mitatu zisizodai kibali cha kazi, kama makongamano, maonyesho ya biashara na maonyesho ya sanaa, lakini nazo lazima zitajwe kwa jina lake.

Ujumbe wa fundi kwa kiwanda unaweza kuwa hivi, ukiandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza:

"Habari za kazi. Ninajiandaa kuomba viza kwa ajili ya mafunzo ya mashine tuliyokubaliana, na ninahitaji barua ya mwaliko kutoka kwenu. Naomba itaje jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe yangu ya kuzaliwa na namba ya pasipoti, nakala nimeiambatanisha. Mafunzo ni tarehe 5 hadi 16 Oktoba 2026, na nitakuwa Ufaransa tarehe 3 hadi 18 Oktoba. Tafadhali elezeni kwamba ninakuja kujifunza kuifunga na kuitunza mashine, kwamba ninyi mtalipia hoteli na chakula, na kwamba mwajiri wangu atalipia tiketi na bima na ataendelea kunilipa mshahara. Naomba iwe kwenye karatasi ya kampuni, yenye namba yenu ya usajili ya SIRET, anwani, simu, na saini ya mhusika pamoja na cheo chake. Nitashukuru nikiipata kabla ya tarehe 15 Julai."

Tarehe hiyo ya Julai ina sababu. Maombi yanajazwa kwenye france-visas.gouv.fr, na faili hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila likihitaji uchunguzi linaweza kufika siku 45. Ukihesabu siku 45 nyuma kutoka Oktoba unaangukia katikati ya Agosti, na huo mwezi ofisi nyingi za Ufaransa zina watu likizo. Mwombe mwenyeji mwezi Juni.

Barua ikifika, isome kabla ya kushukuru. Linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi. Hesabu namba ya SIRET, iwe na tarakimu 14. Kisha iweke kando ya barua ya mwajiri wako wa nyumbani: tarehe, sababu na mlipaji vifanane. Kiwanda kikisema kinalipia tiketi na ushirika nao ukasema hivyo hivyo, omba mmoja arekebishe.

Ukifikia kwa ndugu, mpe muda mrefu zaidi. Atahitaji miadi ya ofisi ya meya, na aende na kitambulisho au hati yake ya ukaazi, uthibitisho kwamba nyumba ni yake au ameipanga, bili ya karibuni yenye anwani, na uthibitisho wa kipato. Ananunua stempu ya kodi ambayo hairudishwi hata ombi likikataliwa, na anaahidi kukugharamia ukishindwa kujikimu. Ofisi ikikaa kimya kwa mwezi mmoja, kimya hicho ni kukataliwa. Yeye naye mtumie tarehe za kuingia na kutoka, nakala ya pasipoti, anwani yako, na jibu la nani anakata bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Fomu inauliza hilo.

Hati hiyo akutumie ile halisi kwa kampuni ya vifurushi, kwa sababu picha ya simu haitoshi. Baada ya kupata viza usiiweke kwenye begi la kupakia. Askari wa uhamiaji uwanjani anaweza kuidai kabla hujafika kwenye mizigo.