Jinsi ya kuandika "rhythm" bila kukosea

Neno la Kiingereza rhythm halina a, e, i, o wala u, na wengi huliandika rythm au rhythem. Ligawe hivi: rh, y, th, m. Kila h imefuata konsonanti yake, moja baada ya r, nyingine baada ya t. Ukikumbuka hilo, h ya kwanza haitakuponyoka.

Irabu ipo, ila imeandikwa kwa y, inayosomwa kama i fupi. Neno lina asili ya Kigiriki, na Warumi walipokopa maneno ya huko waliandika r ya mwanzo kwa rh, na herufi ya Kigiriki ipsiloni kwa y. Ndiyo maana myth, hymn na crypt nayo yana sura hiyohiyo.

Kinachochanganya zaidi ni mwisho. Rhythm ina silabi mbili, ingawa irabu iliyoandikwa ni moja tu. Sisi tumezoea m kusimama peke yake kama silabi, mfano m-tu, na hapa m inafanya kazi hiyohiyo, safari hii mwishoni. Kwa hiyo usiichomekee e kwa sababu tu umesikia kisauti kidogo kabla yake. Tamka rhythmic uone: m inaegemea i inayofuata, na kile kisauti kinatoweka.

Cwm, aina ya bonde, na crwth, ala ya muziki ya nyuzi, nayo ni maneno ya Kiingereza yasiyo na a, e, i, o wala u, lakini hayo ni habari nyingine. Yametoka Kiwelshi, ambako w huandika irabu, kwa hiyo cwm husomwa kama "kum".