Somo: Bakuli la zawadi kwa wateja wa kokeini, hatua kwa hatua

Tangu habari zienee kwamba kliniki yetu hapa Nakuru inawapa watumiaji wa kokeini unga wa ugali na sukari, nimeulizwa mara nyingi kama tumeanza kuwalipa watu waache dawa. Ndiyo, kwa namna fulani. Heroini ina methadoni, lakini kokeini mpaka leo haina dawa yake. Tiba yenye ushahidi mzito zaidi ni hii ya zawadi kwa masharti: mkojo ukiwa safi, mteja anapata kitu palepale. Kokeini humlipa mtu ndani ya dakika chache, ilhali faida za kuiacha huja baada ya miezi. Zawadi inaziba pengo hilo.

Wa kwanza kuisimamisha tiba hii kwa kokeini alikuwa mtafiti Stephen Higgins, Marekani, miaka ya 1990. Alitumia vocha zilizopanda thamani kwa kila mkojo safi. Ilifanya kazi lakini ilikuwa ghali, ndipo mtafiti mwenzake Nancy Petry akaja na bakuli la vikaratasi: mkojo ukiwa safi, mteja anachota kikaratasi na kupata kilichoandikwa humo. Sisi wenye bajeti ndogo tunashukuru.

Hatua ya kwanza: bakuli

Kata vikaratasi 500. Nusu yake, 250, viandike "Hongera" tu, bila zawadi. Vingine 209 ni zawadi ndogo ya shilingi 50: sabuni, kredo ya simu, kiberiti na chumvi. 40 ni zawadi kubwa ya shilingi 500, kwa mfano unga na mafuta ya kupikia. Kimoja tu ni kile cha ndoto, shilingi 3,000. Kwetu ni blanketi zito na seti ya sufuria, na tumeviweka kwenye kabati la kioo mteja anakopita. Pesa taslimu hatutoi.

Sasa piga hesabu kabla hujamwomba mkubwa wako fedha. Zawadi zote zilizo bakulini ni shilingi 33,450. Gawanya kwa 500, utaona kila mchoto unakugharimu wastani wa shilingi 67. Kikaratasi kikishasomwa kinarudi bakulini, la sivyo hesabu hii inavurugika.

Hatua ya pili: ratiba

Mteja anakuja Jumatatu na Alhamisi kwa wiki 12, yaani mara 24. Mkojo safi wa kwanza ni mchoto 1, wa pili 2, wa tatu 3, hadi kikomo cha 8. Akikosea, hachoti siku hiyo, na mkojo safi unaofuata unaanzia 1 tena. Kutokuja bila taarifa kunahesabiwa kama kukosea. Mwenye udhuru wa kweli anabaki pale alipokuwa.

Kushuka huko ndiko kunakouma, na kunapaswa kuume. Lakini mtu akiona amepoteza kila kitu atakata tamaa na kutoweka, kwa hiyo tuna kanuni ya kurudishwa: mikojo mitatu safi mfululizo inampeleka pale alipokuwa kabla ya kuteleza.

Mfano: fundi wa magari, nimwite Baraka. Wiki tatu za kwanza alikuwa safi mara zote sita, akachota 1, 2, 3, 4, 5, 6, jumla 21. Jumatatu ya wiki ya nne mkojo ukaonyesha kokeini: sufuri. Alhamisi akachota 1, kisha 2, kisha 3. Hapo ametimiza mitatu, akarudi kwenye 6, halafu 7, 8, akabaki kwenye 8 mpaka mwisho. Alimaliza na michoto 136, wastani wa shilingi 9,100 hivi. Asiyeteleza kabisa anafikia michoto 164, karibu shilingi 11,000. Kwa hiyo kosa moja lilimgharimu Baraka chini ya shilingi 1,900 kwa jumla, ila yeye alilihisi siku ileile aliposhuka toka 6 hadi 1. Kwa bajeti yako, wateja kumi ni shilingi 110,000 kwa kiwango cha juu kabisa, na stripu za kupimia mkojo unazihesabu pembeni.

Hatua ya tatu: mkojo

Stripu haitafuti kokeini yenyewe, inatafuta mabaki yake, na kwa kawaida hubaki kwenye mkojo siku mbili hadi nne. Ndiyo maana ya Jumatatu na Alhamisi: ukipima mara moja kwa wiki, mtu anatumia Ijumaa na Alhamisi inayofuata anakuja safi. Mtumiaji mzito anaweza kutoka chanya kwa wiki nzima au zaidi baada ya kuacha, basi mwambie mapema asije akadhani mmemdhulumu.

Pima joto la kikombe ndani ya dakika 4. Liwe kati ya nyuzi 32 na 38. Mkojo wa baridi umetoka kwenye chupa mfukoni.

Kisha soma mistari, na hapa ndipo wahudumu wapya wanapoharibu. Mstari wa C lazima uonekane, usipoonekana stripu ni mbovu. Mstari wa T ukitokea, hata kama umefifia kama uzi wa buibui, mkojo ni safi. T isipotokea kabisa, ni chanya. Mazoea ya kipimo cha mimba yanatudanganya, kwa sababu kule mstari ukitokea ndiyo mimba. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukichelewa, majibu hayafai.

Hatua ya nne: palepale

Matokeo na mchoto viwe ndani ya ziara hiyohiyo. Ukisema "njoo Ijumaa uchukue", umeua tiba. Mkojo ukiwa chanya, usihubiri: "Leo hatuchoti, Alhamisi tunaanza na moja, karibu." Wahudumu wawili watie sahihi kwenye daftari la zawadi kila mara, maana sabuni hutembea.

Maswali ya wanachama

*Sista, huku Kisumu wateja wangu wengi ni wa muguka na miraa. Naweza kutumia bakuli hili?*

Stripu ya kokeini haioni miraa, na ya amfetamini huwezi kuitegemea kwa hilo. Bila kipimo cha kuaminika unamzawadia mtu kwa maneno yake. Zawadia mahudhurio ya ushauri nasaha badala yake, ukijua kwamba si tiba ileile.

*Mkojo hauna kokeini lakini una bangi. Anachota?*

Anachota. Mliandikiana kokeini. Bangi mnaizungumzia kwenye ushauri, nje ya bakuli.

*Dada, dawa ya mafua inaweza kumponza mteja?*

Kwenye kokeini, hapana. Kwenye stripu ya amfetamini au methamfetamini, ndiyo, zile zenye sudoefedrini. Ukiwa na wateja wa "meth", waulize dawa walizomeza kabla ya kupima.

*Hili si kamari? Vijana wetu tayari wameliwa na beti.*

Nililiogopa hilo pia. Petry alilichunguza na hakukuta washiriki wakicheza kamari zaidi. Hata hivyo mteja anayepambana na kamari simwekei bakuli. Nampa vocha inayopanda, isiyo na bahati ndani yake.

*Wiki 12 zikiisha je?*

Wengine wanarudi kutumia. Nguvu ya zawadi hupungua ikikoma, hatufichi. Ndiyo maana ushauri nasaha unaanza wiki ya kwanza, na mtu akirudi mezani miezi sita baadaye tunamfungulia karatasi mpya, mchoto 1.