Kurekebisha usomaji wa dira kabla ya kuchora mpaka wa shamba: mfano wa Pongwe, Tanga

Mwezi uliopita nilimsaidia shangazi kuchora mpaka wa shamba lake la michungwa upande wa Pongwe, shamba ambalo pembe yake moja inakaribia reli ya Tanga–Moshi. Kazi ya shambani ilikwisha asubuhi moja. Kuchora kukanila siku tatu, kwa sababu ya kosa ambalo hesabu zenyewe haziwezi kukuonyesha. Nimeandika hatua zote, ila nitakaa zaidi kwenye hiyo moja.

Mchoro wa dira ni wa kujua shamba lilivyokaa na kuzungumza na jirani kabla ya kumwita mpima aliyesajiliwa. Hautoi hati.

Hatua ya 1: Pima

Zunguka mpaka kigingi hadi kigingi, soma dira, vuta futikamba. Tumia dira ya kulengea, ile unayoiweka jichoni, na si simu. Andika daftarini kile dira inachosema, bila kurekebisha chochote ukiwa shambani. Dira nyingine zina skrubu ya kuingiza marekebisho humohumo. Mimi huiacha kwenye sifuri daima, maana ukiisahau imezungushwa utarekebisha mara mbili.

Hatua ya 2: Soma mbele na nyuma

Ukisoma kutoka A kwenda B, ukifika B geuka usome A. Tofauti iwe digrii 180. Isipokuwa hivyo, moja ya vituo viwili ina chuma karibu.

Sisi tulipata hivi. A kwenda B ilisoma 62, lakini B kwenda A ikasoma 239 badala ya 242. Kutoka B kwenda C tukasoma 145, na C kurudi B ikasoma 328, ambayo ukiitoa 180 unabaki na 148. Mara zote mbili usomaji uliofanyika B ulipungua digrii 3, na B ndiyo iliyo karibu na reli. Kwa hiyo kila kilichosomwa B tuliongeza 3, na mstari B–C ukawa 148. A, C na D zilikubaliana zenyewe kwa zenyewe, hatukuzigusa.

Kosa hili linajitokeza lenyewe. Linalofuata halijitokezi.

Hatua ya 3: Pata mkengeuko wa leo

Sindano ya dira huelekea kaskazini ya sumaku, wakati ramani imechorwa kwa kaskazini nyingine. Pembe iliyo kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi ndiyo mkengeuko. Hubadilika mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka, hivyo namba iliyochapwa pembeni mwa ramani ya zamani ya 1:50,000 usiitumie ilivyo.

Fungua ukurasa wa NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na anga, ulioandikwa `Magnetic Field Calculators`, weka latitudo na longitudo ya shamba, chagua `WMM`, yaani modeli ya sumaku ya dunia, na tarehe uliyopima. Modeli ya sasa ni WMM2025, inayotumika hadi mwisho wa 2029. Soma mstari wa `Declination` na uangalie herufi inayofuata pembe yenyewe: `W` ni magharibi, `E` ni mashariki. Pwani ya Tanga ni magharibi. Hapa nitatumia digrii 2 magharibi ili hesabu isomeke kirahisi. Wewe weka ya kwako.

Kaskazini ya gridi, yaani ile inayofuatwa na mistari ya miraba ya ramani, nayo ina tofauti yake na kaskazini halisi, lakini Tanga tuna bahati. Ukanda wa 37 wa UTM, mfumo wa gridi unaotumika kwenye ramani hizi, una mstari wa kati kwenye longitudo 39, ambao unapita hapahapa karibu, kwa hiyo tofauti hiyo haifiki hata dakika moja ya pembe. Iache. Ukiwa mbali na mstari huo, kama Handeni, inafika kama dakika 6, na bado dira ya mkononi haiwezi kuisoma.

Hatua ya 4: Toa au ongeza?

Mkengeuko ukiwa magharibi, unatoa. Ukiwa mashariki, unaongeza. Yetu ikawa hivi:

```
Mstari  Dira  Halisi  Mita
A-B      62     60    310
B-C     148    146    240
C-D     248    246    434
D-A       1    359    220
```

Mstari wa mwisho unawachanganya wengi: 1 ukitoa 2 ni hasi 1, kwa hiyo ongeza 360.

Sasa kosa lililonila siku tatu. Mara ya kwanza niliongeza 2 badala ya kutoa. Nikachora, mzunguko ukafunga kwa pengo la mita 2.4 katika jumla ya mita 1,204, yaani mstari wa mwisho ulikosa kigingi A kwa mita 2.4. Kwa dira hiyo ni kazi nzuri. Lakini nilipoiweka juu ya picha ya setilaiti, kigingi C kikaangukia ndani ya shamba la jirani kama mita 28. Nikatilia shaka futikamba, nikatilia shaka kijana aliyeishika, nikarudia hesabu usiku kucha. Pengo likabaki lilelile 2.4.

Lilibaki kwa sababu ukiongeza au ukitoa pembe ileile kwenye mistari yote, umbo zima linazunguka kwenye kigingi cha kuanzia bila kubadilika. Ukisahau kabisa kurekebisha, pengo ni 2.4. Ukirekebisha kinyume, ni 2.4. Ukirekebisha mara mbili, ni 2.4. Kufunga kwa mzunguko kunapima mikono yako shambani, hakupimi mkengeuko hata kidogo. C iko mita 405 kutoka A: ukisahau kurekebisha inahama mita 14, ukirekebisha kinyume inahama 28. Kwenye shamba la michungwa hiyo ni mistari kadhaa ya miti, na ndipo ugomvi unapoanzia.

Simu huleta mtego uleule. Ikiwa `Use True North` imewashwa, namba unayoiona imesharekebishwa. Ukichanganya usomaji wa simu na wa dira katika mzunguko mmoja, hata umbo litapinda.

Hatua ya 5: Hakiki kwa kitu cha mbali

Hii sasa siiruki kamwe. Simama A, lenga kitu kinachoonekana wazi kwenye picha ya setilaiti, zaidi ya kilomita moja. Sisi tulitumia mnara wa simu. Dira ilisoma 120. Kisha chukua kodineti za UTM za A na za mnara, utoe za A kwenye za mnara: tulipata mita 1,590 mashariki na hasi 845 kaskazini. Kwenye Excel:

```
=MOD(DEGREES(ATAN2(-845,1590)),360)
```

Kaskazini inatangulia, mashariki inafuata. Jibu ni 118. Dira imezidi kwa 2, kwa hiyo tunatoa 2, sawa na hatua ya 4. Ukipata tofauti nyingine, kwa mfano 3, angalia kwanza kama A haina nyaya za umeme au uzio wa chuma, kisha rudia kutoka kigingi kingine. Tofauti ikibaki ileile, dira yako ina kosa lake mwenyewe, na hiyo 3 ndiyo utakayoitoa.

Hatua ya 6: Chora

Protrakta kubwa na rula, au kodineti kwenye karatasi ya grafu. Mimi napenda kodineti. Ukichora juu ya ramani ya zamani iliyotumia mfumo wa kodineti wa Arc 1960, usiweke kigingi A kwa namba za simu moja kwa moja, kwani simu hutumia mfumo mwingine, WGS84, na A itahama kama mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Geuza kodineti kwanza.

Pembeni mwa mchoro andika: «Kaskazini ya gridi. Imetolewa digrii 2. Kigingi B kimeongezwa 3, reli», pamoja na tarehe ya kupima. Daftari lenye usomaji wa awali nimemwachia shangazi, likae pamoja na mchoro.