SOMO: Parachichi unakula kiasi gani, na ule unga wa kokwa unaouzwa

Kamwene wote. Nafanya kazi za lishe hapa Mbeya na kila wiki naulizwa "parachichi linashusha kolestro?" Linasaidia, ila inategemea umekula kiasi gani na umeacha nini. Tufanye kwa vitendo.

Kwanza, pima. Juzi nimenunua la kienyeji pale Mwanjelwa, lile kubwa la shingo ndefu, nikaliweka kwenye mzani wa jikoni likasoma grami 420. Nikatoa ganda na kokwa, nyama ikabaki 290. Grami 100 za nyama ya parachichi zina mafuta kama grami 15, kwa hiyo tunda langu lilikuwa na karibu grami 43, sawa na vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya kupikia! Yale ya maji maji yana mafuta pungufu ila usitegemee sana. Parachichi dogo la aina ya Hass la Rungwe au Njombe lenye grami 200 linakupa nyama kama 136, mafuta grami 20 hivi.

Pili, gawa. Kipimo cha mlo mmoja ni grami 50, yaani theluthi ya Hass ya kawaida, na kwa lile langu la kienyeji ni kama sehemu moja ya sita. Nusu Hass kwa siku kwa mtu mzima sio mbaya. Linalobaki acha na kokwa yake, kamulia ndimu, funika.

Tatu, na hapa ndo wengi wanapokosea, badilisha, usiongeze. Parachichi halina kolestro kabisa, hakuna mmea wenye kolestro ya kuhesabika, so tangazo la "parachichi lisilo na kolestro" ni kama kuuza maji yasiyo na mifupa. LDL, yaani ile kolestro mbaya, inapandishwa zaidi na mafuta yanayoganda, maana yanapunguza ile milango ya kwenye ini inayovuta LDL kutoka kwenye damu. Mafuta ya parachichi mengi ni ya aina ya mzeituni, hayafanyi hivo. Sasa ukitoa siagi kwenye mkate au ukapunguza mawese ya Kyela kwenye maharage afu ukaweka parachichi, LDL inaweza kushuka. Ukila wali wa samli kama kawaida na parachichi zima juu yake, umeongeza mafuta tu.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2022, watu zaidi ya 1,000, kundi moja lilikula parachichi zima kila siku miezi sita bila kupangiwa mlo mwingine. LDL ilishuka kidogo mno na mafuta ya tumboni hayakupungua. Wa 2015, ambao watu walipangiwa mlo wote na parachichi likachukua nafasi ya mafuta mengine, LDL ilishuka vizuri zaidi.

MASWALI

Mtoto wa Tukuyu: Ndaga dada. Mama anatumia unga wa kokwa kijiko kimoja kwenye uji, muuzaji kasema unayeyusha kolestro, kisukari na presha. Kipimo kimeshuka kweli. Vidonge vya kolestro kaviacha.

Jibu: Mdogo wangu, kaviacha lini, na kipimo kilichoshuka alipima lini? Kama alipima wiki chache baada ya kuacha chapati na nyama ya mafuta, au dawa ikiwa bado inafanya kazi, unga umepewa sifa za wengine. Kokwa kweli ina vitu vingi vya uchungu, ndo maana ukiikata inageuka rangi ya machungwa, na panya waliopewa maji ya kokwa kwenye maabara wengine kolestro ilishuka. Lakini kwa binadamu hakuna kiasi kilichothibitishwa kwamba hiki kinasaidia na hiki hakidhuru. Hicho "kijiko kimoja" kakitunga muuzaji. Mwambie mama arudi kwa daktari wake, aende na huo unga, apime tena.

Mnyalu wa Kihesa: Mbona mnatisha watu, ni mti tu wa shambani.

Jibu: Kaka, majani ya mti huohuo mbuzi anayenyonyesha akiyala sana kiwele kinavimba na maziwa yanakata, waulize wafugaji. Kitu kinachofanya hivo kinaitwa pasini. Sijasema kijiko kitaua mtu, ila "ni mti tu" sio kipimo cha usalama.

Mama wa Uyole: Mimi natumia warifarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mume wangu ana figo. Tule?

Jibu: Wewe mama usile mengi leo na kesho hakuna, parachichi jingi linaweza kupunguza nguvu ya warifarini, kula kiasi kilekile na umwambie anayekupima damu. Baba potasiamu ndo shida, parachichi linayo nyingi, asile mpaka kliniki ya figo imwambie kiasi chake. Unga wa kokwa msiguse wote wawili.