Kitambulisho kukataliwa kwenye uhakiki: rekebisha picha kwanza, jina baadaye

Katika duka langu la steshenari hapa Sinza, Dar es Salaam, kazi inayonichukulia muda mwingi kuliko kuchapa na kudurufu ni kuwasaidia watu ambao kitambulisho chao kimekataliwa walipokuwa wanafungua akaunti mtandaoni. Wengi hufika wakiwa wamekwisha kutuma picha mara mbili au tatu, na ujumbe waliopokea unataja sababu moja kati ya mbili: picha haisomeki, au jina halilingani. Watu huzichukua kuwa ni sababu mbili zisizohusiana, lakini mara nyingi ya pili imezaliwa na ya kwanza. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi una maana yake, na ninaomba usiuruke.

Nitaeleza kwa kufuata shauri la mteja mmoja, fundi wa mikoba ya kitenge anayeishi Manzese, aliyetaka kuuza bidhaa zake kupitia soko la mtandaoni la nje ya nchi. Majina nitakayotumia si yake, ila yana tatizo lile lile: kitambulisho chake cha Taifa kinasema HADIJA RAMADHANI SAIDI, na yeye mwenyewe tangu shuleni anaandika Khadija Said.

Hatua ya 1: Usitume tena kabla ya kusoma ujumbe

Huduma nyingi huweka kikomo cha majaribio, na ukikifikia akaunti hufungiwa hadi mtumishi wao aipitie, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa. Fungua ujumbe wa kukataliwa na uusome wote. Ukitaja ukungu, mng'ao, kona zilizokatika au maandishi yasiyosomeka, tatizo ni picha. Ukitaja jina au tarehe ya kuzaliwa kutolingana, usikimbilie kudhani kwamba kitambulisho chako kina kosa.

Mteja wangu alikimbilia kudhani hivyo hasa. Alikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya picha, mara ya pili kwa sababu ya jina, akaniambia, "Kaka, nimeshaambiwa nitafute wakili nibadilishe jina." Nilimsihi asubiri kwanza nione picha aliyotuma. Nilipoikuza kwenye kompyuta, herufi I na J katika neno HADIJA zilikuwa zimegandana, na hata mimi ningeweza kusoma HADUA. Mashine inayosoma kitambulisho haimjui Hadija. Inachukua herufi inazoziona na kuzilinganisha na zile ulizojaza kwenye fomu. Picha yenye ukungu inaweza kupita kipimo cha kwanza cha ubora na bado ikasomwa vibaya, na hapo jibu linalorudi ni kwamba jina halilingani.

Hatua ya 2: Piga picha upya

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu, kwa kuwa dakika kumi za kupiga picha vizuri huokoa wiki ya kuandikiana na watoa huduma.

Toa kitambulisho kwenye kifuko cha plastiki. Kifuko hurudisha mwanga, hukunjamana, na kikizeeka huwa cha njano. Futa kadi kwa kitambaa laini na kikavu, kisha futa lenzi ya simu, ambayo kwa kawaida ina mafuta ya vidole. Jiji letu lina unyevu mwingi hewani, na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali ukapiga picha barazani mara moja, lenzi hupata ukungu usiouona kwa urahisi kwenye skrini. Subiri dakika chache simu izoee joto la nje, kisha uifute tena.

Laza kadi juu ya kitu kisichong'aa na chenye rangi tofauti nayo. Meza ya mbao au kitambaa cheusi kinafaa. Kaa karibu na dirisha au kivulini nje, mahali penye mwanga wa kutosha usiotoka moja kwa moja kwenye jua, na uzime flashi, kwa sababu flashi huacha doa jeupe ambalo mara nyingi huangukia juu ya jina au uso. Shika simu sambamba na kadi, umbali wa sentimita 20 hadi 30. Watu husogeza simu karibu sana wakidhani ndipo herufi zitaonekana, kumbe kamera za simu nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho karibu mno, na huo ndio ukungu wenyewe. Usivute picha kwa vidole kabla ya kupiga. Gusa skrini mahali jina lilipo ili kamera ilenge hapo, egemeza viwiko mezani, piga, na uhakikishe kona zote nne za kadi zimo.

Kisha ikuze picha hiyo hadi maandishi madogo kabisa yajae skrini. Soma namba ya NIDA tarakimu moja moja, ukitofautisha 8 na 3, na 5 na 6. Ikiwa wewe unayeijua namba yako unalazimika kukisia hata tarakimu moja, piga tena.

Baada ya hapo itume kutoka kwenye simu ile ile iliyopiga. Picha ya mteja wangu ilipigwa kwa simu ya mumewe, ikatumwa kwake kwa programu ya ujumbe, naye akaipiga picha ya skrini na kuipakia. Kila kituo kilipunguza ubora wake. Ikibidi kuihamisha, itume kama faili, si kama picha. Na usiiguse kwa programu za kunoa au kung'arisha picha hata kama nia yako ni njema, maana mifumo ya uhakiki hutafuta dalili za picha kuhaririwa, na picha iliyonolewa inaweza kuchukuliwa kuwa kitambulisho cha kughushi. Nakala iliyodurufiwa nayo haifai mahali wanapotaka picha ya kadi yenyewe.

Hatua ya 3: Andika majina yote kwenye karatasi

Sasa picha inasomeka, na kama tatizo la jina bado lipo utalijua ni la kweli. Chukua karatasi, uandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, chini yake kama lilivyo kwenye fomu ya akaunti, na chini yake tena kama lilivyo kwenye akaunti ya benki utakayopokelea fedha. Nakili kwa kuangalia, si kwa kukumbuka. Hivi ndivyo karatasi ya mteja wangu ilivyosomeka:

```
Kitambulisho:  HADIJA RAMADHANI SAIDI
Fomu:          Khadija Said
Benki:         Khadija Said
```

Tofauti ni tatu: H na Kh, Saidi na Said, na jina la kati limekosekana. Kwetu sisi Saidi na Said ni mtu mmoja, kama vile Rajabu na Rajab, au Mohamedi na Mohamed, na hakuna anayeuliza. Mifumo mingine huvumilia tofauti ya herufi moja, mingine haivumilii kabisa, na wewe huwezi kujua unashughulika na upi. Jaza kama kitambulisho kinavyosema, hata kama unaamini karani aliyekuandikisha alikosea.

Hatua ya 4: Panga majina matatu kwenye visanduku viwili

Fomu nyingi za nje zina `First name` na `Last name` tu, na sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Jina la mwisho kwenye kitambulisho liweke peke yake kwenye `Last name`, na mengine mawili yaweke pamoja kwenye `First name`. Hivyo Hadija Ramadhani yanakaa mwanzo na Saidi mwisho. Kama unatumia pasipoti, huhitaji kubuni, kwa sababu mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha yako inaonyesha mgawanyo ambao mashine itausoma. Mstari wa juu huwa na muundo huu:

```
P<TZASAIDI<<HADIJA<RAMADHANI<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Baada ya TZA huja jina la mwisho, alama mbili `<<` huonyesha mwisho wake, na majina yanayofuata hutenganishwa kwa alama moja. Mstari huo ukikatwa au ukifichwa na kidole, pasipoti nzima hukataliwa.

Ukiwa kwenye fomu hiyo hiyo, angalia tarehe ya kuzaliwa pia. Tarakimu nane za kwanza za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, na fomu nyingine za nje hutanguliza mwezi kabla ya siku.

Kama akaunti hairuhusu kubadili jina baada ya kukataliwa, usifungue akaunti ya pili, kwa sababu akaunti mbili za mtu mmoja huleta tatizo kubwa zaidi. Waandikie, ukitaja jina lililojazwa, jina sahihi la kwenye kitambulisho, na ombi moja tu: walirekebishe ili utume upya.

Hatua ya 5: Ikiwa kosa limo kwenye kitambulisho chenyewe

Ni hapa tu ndipo safari ya ofisini inapostahili. Kosa la herufi hupelekwa ofisi ya NIDA ya wilaya, ukiwa na cheti cha kuzaliwa na nyaraka nyingine zenye jina sahihi. Kiapo cha mahakamani au cha wakili kinaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja; humsaidia mtumishi anayepitia nyaraka kwa macho, lakini hakibadilishi kilichomo kwenye kumbukumbu za NIDA, na mashine haikisomi. Anayetaka kubadili jina lenyewe anahitaji hati ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mwanamke aliyeolewa na anayetumia jina la mume mitaani akumbuke kwamba cheti cha ndoa peke yake hakijabadilisha kitambulisho chake.

Mteja wangu hakuhitaji lolote kati ya hayo. Picha mpya ilipita, fomu ikarekebishwa, na akaunti ikakubaliwa. Kilichobaki kilikuwa benki, ambako akaunti yake ya zamani ilifunguliwa kwa kadi ya mpiga kura ikiwa na jina Khadija Said. Malipo ya kwanza yangerudishwa huko. Nilimshauri aende tawini na kitambulisho cha Taifa aombe taarifa zake zihuishwe kabla hajauza mkoba hata mmoja. Kwa laini ya simu unaweza kujikagulia mwenyewe kwa kupiga `*106#`, na laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako kwa kawaida huwa na jina lile lile la NIDA.

Hatua ya 6: Futa picha mahali usipopamiliki

Kama ulitumia kompyuta ya steshenari, hata hii yangu, fungua folda ya `Downloads`, ufute picha ya kitambulisho, uifute tena kwenye `Recycle Bin`, na utoke kwenye barua pepe yako kabla hujasimama kitini.