Mwenye nyumba amepandisha kodi kabla mkataba haujaisha: namna ya kufungua shauri Dar es Salaam

Wapangaji wengi hupoteza muda wakitafuta ofisi ambayo haipo. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba ya mikoa yaliyokuwa na uwezo wa kupanga kodi halali ya nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na mabaraza hayo hayapo tena. Leo hakuna chombo hapa Dar kitakachokusikiliza kwa hoja kwamba kodi ni kubwa mno. Ukiandika hivyo kwenye maombi, shauri lako litaanguka. Kinachosikilizwa ni hoja kwamba mwenye nyumba amevunja mkataba.

Tuchukue mfano. Umepanga Tabata kwa mkataba wa mwaka mmoja, kodi shilingi 250,000 kwa mwezi, unalipa kwa miezi sita sita. Nusu ya kwanza umelipa 1,500,000. Ya pili inakaribia, mwenye nyumba anatuma ujumbe: sasa ni 350,000, ulete 2,100,000 au utoke. Kama mkataba hauna kifungu kinachomruhusu kupandisha katikati, hana haki ya hiyo 600,000 ya ziada.

Mjibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba utalipa kodi ya mkataba. Kisha lipa 1,500,000 kwa benki au kwa simu ili ushahidi ubaki. Akirudisha hela, tunza kumbukumbu hiyo pia. Usikae bila kulipa kwa hasira, maana deni la kodi litampa sababu halali ya kukutoa.

Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kuwapatanisha, lakini hawana mamlaka ya kuamua. Wakishindwa, nenda baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, nalo ni la usuluhishi tu, halitoi hukumu. Ila huwezi kuliruka, kwa sababu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litakudai hati ya kata inayosema usuluhishi umeshindikana.

Hapa ndipo shauri langu lilipokwama, na ndipo ningependa ukae macho kuliko kwingine kote. Mwenye nyumba haji akiitwa, kikao kinaahirishwa, siku ya hati katibu hayupo, na huku tarehe ya kodi inasogea. Sheria imeliona hilo: kata isiposuluhisha ndani ya siku 30 tangu lalamiko lilipofunguliwa, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hati. Lakini lazima uthibitishe siku hizo zilianza lini. Kwa hiyo peleka lalamiko kwa maandishi, nakala mbili, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukilalamika kwa mdomo, ukaambiwa "tutakuita", huna cha kuonyesha wilayani.

Baraza la wilaya unalokwenda ni la eneo ilipo nyumba. Maombi unaandika kwa Kiswahili: majina na anwani za pande zote mbili, mahali ilipo nyumba, mgogoro, thamani ya madai, na nafuu unazoomba. Katika mfano wetu omba tatu: baraza litamke kwamba kodi inabaki 250,000 hadi mkataba uishe, limzuie mwenye nyumba kukutoa au kufunga mlango kwa sababu ya nyongeza hiyo, na kama ulishalipa nyongeza, urudishiwe 600,000. Akitishia kukutoa mara moja, ambatanisha ombi la zuio la muda pamoja na kiapo, kwa sababu kusubiri tarehe ya kusikilizwa hakutamzuia kubadilisha kufuli.

Kabla ya kufika huko, kagua mkataba. Mikataba mingi ya madalali haijalipiwa ushuru wa stempu, na mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi hadi ulipiwe. Ushuru ni asilimia 1, kwa hiyo kwa kodi ya mwaka ya 3,000,000 ni 30,000, na ukichelewa kuna adhabu. Lipa TRA mapema, usingoje wakili wa mwenye nyumba aliibue siku ya kusikilizwa.

Usiporidhika na uamuzi, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi.

Ushindi huu unaishia siku mkataba unapoisha. Siku ya pili yake mwenye nyumba yuko huru kutaja bei mpya, na hakuna baraza litakaloipunguza. Kama mmeendelea bila mkataba mpya mkilipana kila mwezi, anatakiwa akupe notisi isiyopungua mwezi mmoja kabla ya kukutoa, basi. Kwa hiyo wakati wa kusaini upya, dai kifungu kinachotaja kiwango cha juu cha nyongeza na miezi mingapi kabla atakujulisha. Kikiwa kimeandikwa, utakuwa na cha kudai barazani.