Ripoti ya watahini wa KCSE: jinsi ya kujua kwa nini darasa zima limekosa shamirisho

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mwalimu mwenzangu hapa Amu, mgeni katika kidato cha nne, aliyekuwa na ripoti ya KNEC mkononi na hajui aanzie wapi. Alikuwa ameisoma yote. Alichokipata ni kwamba watahiniwa "hawakuelewa swali". Maneno hayo hayamsaidii mtu kupanga kipindi cha kesho, kwa hivyo tulichukua swali moja tu na kulifuata hadi mwisho.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Fungua sehemu ya Kiswahili karatasi ya pili, 102/2. Jedwali la mwanzo lipitie haraka. Linahusu karatasi nzima yenye alama 80, na wastani ukipanda au ukishuka huenda ni kwa sababu maswali yamebadilika, si wanafunzi. Nenda moja kwa moja kwenye maswali yaliyofanywa vibaya. Mimi huanza na matumizi ya lugha kila mara, kwa kuwa ndiyo yenye alama 40, nusu ya karatasi, na makosa yake yanashikika. Sisi tulichukua shamirisho.

Hatua ya 2: Tenganisha kilichotokea na sababu yake

Chini ya kila swali utakuta udhaifu wa watahiniwa, majibu yaliyotarajiwa na ushauri kwa walimu. Soma sehemu ya udhaifu ukiwa na penseli. Pigia mstari yale yanayoeleza mtahiniwa aliandika nini, kwa mfano kwamba alichanganya kipozi na kitondo. Hayo yaamini, maana mtahini ameona maelfu ya karatasi. Yanayoeleza kwa nini aliandika hivyo yatie alama ya kuuliza. Mtahini hakuwa darasani. Anakisia kama unavyokisia wewe.

Hatua ya 3: Lipe darasa lako swali la aina ileile, kisha panga majibu mafungu mafungu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaparuka.

Usitumie sentensi ya mtihani wenyewe, kwa sababu wanafunzi wameshaiona kwenye vitabu vya marudio. Tunga yako. Sisi tulitumia hii:

*Bainisha shamirisho katika sentensi hii: Fundi alimchongea nahodha mlingoti kwa tezo. (alama 3)*

Kipozi ni mlingoti, kitondo ni nahodha, ala ni tezo. Kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina akitaka, ila aweke alama yake ya siri ili uweze kumfuata baadaye. Halafu usisahihishe. Weka kalamu nyekundu mbali kabisa, kwa sababu ukishaandika 1/3 juu ya karatasi, jicho halioni tena jibu, linaona alama. Tandaza vipande mezani, au mkekani kama meza ni ndogo, na uvirundike kwa kufanana kwa jibu. Najua kuna wanaopenda kuingiza haya kwenye kompyuta. Mimi sishauri, kwa sababu utalazimika kutaja aina za makosa kabla hujayaona.

Mafungu yaliyotokea yalikuwa haya. La kwanza na kubwa zaidi: nahodha amekuwa kipozi, mlingoti kitondo. La pili: wametaja "nahodha, mlingoti, tezo" na kuishia hapo. La tatu: wamechanganua aina za maneno, nomino, kitenzi, nomino. La mwisho, dogo, kila mtu na lake.

Fungu la mwisho liache kwanza, maana makosa yaliyotawanyika mara nyingi ni ya kubahatisha. Fungu ambalo watoto kumi na zaidi wameandika kitu kimoja bila kutazamiana ndilo linalokuambia kwamba kuna kanuni vichwani mwao, nayo ni mbovu. Kazi yako ni kuipata kanuni hiyo.

La pili na la tatu hayana shida ya sarufi. Hao hawakujua "bainisha" inadai nini: kutaja kila shamirisho na kusema ni ya aina gani. Ukiwafundisha shamirisho upya utawachosha bure.

La kwanza lina sababu mbili zinazowezekana, na kwenye karatasi zinafanana kabisa. Huenda mwanafunzi anafuata nafasi: nomino ya kwanza baada ya kitenzi ndiyo kipozi. Mifano mingi anayoanza nayo ina shamirisho moja tu, *Juma alikula wali*, na hapo kanuni hiyo inamfaa. Tena katika *alimchongea* kuna kile kiambishi -m- kinachomwakilisha nahodha, kwa hivyo nahodha anaonekana ndiye hasa aliyetendwa. Au huenda anaelewa uhusiano vizuri lakini majina ameyakariri kinyume: kipozi anakiita kitondo.

Ili kuzitenga, toa sentensi ya pili:

*Fundi alimsifu nahodha.*

Hapa nahodha ni kipozi. Anayefuata nafasi atapata. Aliyegeuza majina ataandika kitondo. Sentensi moja fupi, na fungu limegawanyika mara mbili. Kwetu walio wengi walikuwa wa nafasi.

Usiwasahau waliopata swali la kwanza. Baadhi yao wamepata kwa kanuni nyingine mbovu: mtu ni kitondo, kitu ni kipozi. Hao watakosa hiyo ya *alimsifu*, na ukiwapa *Fundi alilishonea dau tanga* watakwama, kwa sababu hakuna mtu wa kumpa ukitondo. Dau ndilo kitondo, tanga ndilo kipozi. Ndiyo maana napinga kutazama mafungu ya waliokosa peke yake.

Hatua ya 4: Fundisha sababu

Kwa wa nafasi, waondolee kitenzi ile -e- ya kutendea. *Alichongea* ibaki *alichonga*. Sasa uliza: fundi alichonga nini? Mlingoti, sentensi inasimama. Alimchonga nahodha? Darasa litakataa lenyewe. Kinachobaki na kitenzi kikavu ni kipozi, na aliyeletwa na -e- ndiye kitondo. Rudia kwa dau na tanga. Wale wa mtu na kitu wakae nao, dawa ni hiyohiyo. Waliogeuza majina wanahitaji dakika tano za kukariri, basi.

Hatua ya 5: Chuja yasiyowahusu wanafunzi wako

Ripoti ni ya nchi nzima. Ikitaja athari za lugha ya kwanza katika hijai, kwa mfano kuchanganya *l* na *r*, mtoto wa Amu hana shida hiyo. Yeye ataandika *ndia* kwa njia, *mato* kwa macho, *moya* kwa moja, kwa sababu ndivyo nyumbani wanavyosema, na Kiamu chao ni sahihi mahali pake. Karatasini kitahesabiwa kosa la hijai. Kwa hivyo shika onyo la ripoti kwamba hijai inakula alama, lakini orodha ya makosa itoe kwenye insha za darasa lako.

Hatua ya 6: Pima tena

Baada ya wiki mbili toa sentensi mpya, na wakati huu tanguliza ala: *Kwa sindano hiyo, mshoni alimdarizia bwana harusi kofia.* Panga vipande tena bila kusahihisha. Fungu la kwanza likiwa bado kubwa, mwite mmoja wao akuelezee kwa sauti alivyofikia jibu lake, na umsikilize hadi amalize kabla ya kumrekebisha.